Mpango wa masoko wa ukurasa mmoja kwa fundi anayefungua duka la pili mji mwingine (mwongozo kamili)

Swali la namna ya kuandika mpango wa masoko wa duka la pili la ushonaji linarudi kila wiki, na majibu yakishatolewa watu bado wanakwama palepale. Fundi ana duka linaloenda vizuri, anafungua la pili mji mwingine, anaandika mpango wenye maneno mazuri, "kuwafikia wateja wote kwa ubora na bei nafuu", anachapisha vipeperushi, anatangaza nusu bei wiki ya ufunguzi, halafu mwezi wa pili duka limejaa nguo ambazo hazijaisha na wateja wanapiga simu wamekasirika. Au kinyume chake, mashine zinapata vumbi.

Chanzo ni kimoja. Mpango ulianza na matangazo wakati ulitakiwa uanze na cherehani, yaani nguo ngapi zinaweza kutoka pale kwa wiki na zikatoka kwa tarehe. Kwenye ushonaji tangazo lako kubwa ni mtu aliyevaa nguo iliyomkaa na aliyoipata siku uliyomwambia. Na kule mji mpya huyo mtu bado hayupo, jina lako halijasafiri na wewe, unaanza sifuri hata kama huku nyumbani wanakupanga foleni.

Humu tutajaza ukurasa mmoja, masanduku 6. Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: fundi anayeshona magauni ya ofisi ya wanawake, duka jipya lina fundi mmoja mzoefu na msaidizi mmoja, cherehani mbili na ovaloki moja. Namba zangu ni za mfano, weka zako, ila mpangilio wa hesabu usiubadilishe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaandika chochote

- Karatasi moja ya A4 na penseli. Penseli kabisa, maana utafuta sana.
- Daftari la oda la duka la kwanza, angalau miezi 3 ya mwisho. Kama oda zako ziko kichwani na kwenye vikaratasi, kaa chini uzikusanye kwanza.
- Simu yenye saa ya kuhesabu muda.
- Gauni moja ulilolishona vizuri kuliko yote, la kuvalisha mdoli.
- Siku mbili za kukaa mji mpya bila kufungua chochote, unatembea na kuangalia tu.

Hicho cha mwisho ndicho watu wanaruka, wanasema huo mji wanaujua. Kuujua mji kwa kupita au kwa kuwa na ndugu pale ni tofauti na kujua wanawake wa pale wanasubiri nguo siku ngapi.

## Hatua ya 1: Pima uwezo wa duka jipya

Chukua simu, pima muda fundi anaotumia kwa gauni moja kuanzia kukata mpaka pasi ya mwisho, na upime nguo tatu tofauti, sio ile moja aliyoshona akijua anaangaliwa. Kwenye mfano wetu gauni la ofisi lenye bitana na zipu linachukua masaa 4.

Sasa hesabu wiki. Masaa 8 kwa siku, siku 6, ni masaa 48. Usiyachukue yote. Robo nzima inaondoka kwa kuchukua vipimo, kufitisha, kuongea na wateja, umeme kukatika, sindano kuvunjika, kwenda kutafuta uzi wa rangi inayofanana. Yanabaki 36. Tenga masaa 8 ya kazi ndogo za marekebisho, sababu utaiona hatua ya 3. Yanabaki 28, gawa kwa 4, unapata magauni 7 kwa wiki. Andika kwenye sanduku la kwanza: gauni 7 kwa wiki, basi.

Hiyo 7 ndiyo dari, na matangazo yako yote hayaruhusiwi kuleta zaidi ya hapo. Mtu atasema oda zikizidi si ni jambo zuri? Hapana, kwenye mji ambao hawakujui ni hatari, kwa sababu wateja wako wa kwanza ndio wanaokupa jina, na jina la "anashona vizuri lakini anachelewesha" likishatoka halirudi kwa ofa wala kwa bango.

Kutoka hapo unapata na siku za kuahidi. Hesabu nguo zilizo mbele kwenye foleni, gawa kwa 7, hizo ni wiki, kisha ongeza siku 2 za kufitisha na kurekebisha. Kama mbele kuna magauni 10, mteja wa sasa hivi ni wiki moja na nusu na zile siku 2, kwa hiyo mwambie wiki mbili. Usimwambie siku 5 ili asiondoke.

Angalizo. Kuna wanaopanga kupokea oda mji mpya na kuzituma zikashonwe duka la zamani. Inawezekana, ila aliyechukua vipimo na anayekata wakiwa watu wawili tofauti, sentimita zinapotea. Mmoja anapima kiuno palipo pembamba, mwingine anazoea kupima usawa wa kitovu, mmoja ameshaongeza nafasi ya kupumua kwenye namba aliyoandika na mwingine anaiongeza tena wakati wa kukata. Gauni linarudi pana kifuani na kwapa limening'inia, na mteja yuko mji mwingine na wewe. Ukilazimika, tengeneza fomu moja ya vipimo yenye picha ya mwili na mistari inayoonyesha tepu inapita wapi, na iandikwe juu kabisa kwamba vipimo ni vya mwili mtupu, nyongeza anaweka mkataji peke yake.

Umemaliza hatua hii pale ambapo mtu yeyote dukani ukimuuliza "nikileta kitambaa leo napata lini" anajibu tarehe, na tarehe hiyo inatoka kwenye hesabu.

## Hatua ya 2: Chagua mteja wa aina moja

Fungua daftari la oda. Kwa kila oda andika vitu vitatu pembeni: faida yake baada ya kutoa vifaa na ujira, kama ilirudishwa kurekebishwa, na kama huyo mteja alirudi tena na nguo nyingine. Usiangalie ni nguo zipi nyingi, angalia ni zipi zina faida, hazirudi kwa marekebisho na mwenyewe anarudi. Kwa kawaida utaona kundi moja linajitokeza wazi, na mara nyingi sio lile ulilokuwa unajivunia. Nguo za sherehe zinapendeza kwenye picha lakini zinakula masaa na zinakuja zote wiki moja. Gauni la ofisi halina kelele, mwenye nalo anahitaji lingine baada ya miezi michache, na vipimo vyake tayari unavyo.

Kwenye mfano wetu tunachagua wanawake wanaofanya kazi za ofisini ambao nguo za dukani haziwakai, yaani pana kiunoni zikikaa vizuri nyongani, au fupi mgongoni. Andika hivyohivyo, na tatizo lao, usiandike "wanawake wa miaka 20 hadi 60".

Halafu nenda mji mpya ukathibitishe kwa zile siku mbili. Fanya mambo mawili. Kwanza pita kwa mafundi wanaoshona kitu hichohicho kama mteja wa kawaida, uliza bei na uliza siku, na ukiwa pale angalia zile nguo zilizoisha zilizotundikwa: zina vikaratasi vya majina na tarehe au zimerundikana tu? Pili simama saa ya kutoka kazini karibu na ofisi zilipo uangalie watu wamevaa nini, nguo za kushona ni ngapi kati ya wanaopita. Ukikuta karibu wote wamevaa sare za kampuni, au mitumba iliyorekebishwa, hiyo inakwambia kitu. Sare zina maana mteja wako halisi ni mwajiri, na huo ni mpango mwingine kabisa. Mitumba iliyorekebishwa ina maana kazi ndogo ndiyo mlango wako, tena mpana.

Kinachotafutwa hapa ni pengo. Mfano wetu umekuta mafundi wazuri wapo na bei ziko sawa, ila wote wanaahidi siku 4 na watu wanalalamika wanapata baada ya wiki tatu. Pengo sio bei. Pengo ni tarehe.

## Hatua ya 3: Ofa ya kuingilia iwe kazi ndogo

Hapa ndipo penye uzito, kaa napo.

Mfikirie mteja. Ana kitambaa kizuri alichonunua kwa hela yake, mkasi ukishapita hakirudi kuwa kitambaa. Wewe hakujui. Hata ukimpunguzia nusu ya bei ya kushona, anachoogopa kupoteza ni kitambaa, na punguzo lako haligusi kabisa hiyo hofu. Ndio maana zile nusu bei za ufunguzi zinaleta watu wanaotafuta bei tu, wanajaza mashine, halafu bei ikirudi kawaida wanahama.

Lakini mtu huyohuyo ana suruali ndefu ya kukunja pindo, sketi ya kupunguza kiunoni, gauni lililoharibika zipu. Hizo atakuachia bila wasiwasi sana kwa sababu hasara ikitokea ni ndogo. Akirudi akakuta pindo limekaa, uzi umefanana rangi, imepigwa pasi na imetoka leoleo kama ulivyosema, ameshakujaribu. Kinachofuata kuletwa ni kitambaa.

Kwa hiyo ofa ya kuingilia ya mfano wetu ni: marekebisho madogo, leta asubuhi chukua jioni. Bei ya kawaida, usiitoe bure wala nusu. Kazi hizi kwa wastani zinachukua nusu saa, kwa hiyo yale masaa 8 tuliyotenga yanabeba kazi 16 kwa wiki.

Chagua kazi zinazoingia kwenye ofa na uziandike. Kukunja pindo la suruali na sketi, kubadilisha zipu, kupunguza ubavu, kufupisha mkono usio na kafu ya vifungo. Usiingize kupunguza mabega ya koti, kukata nguo za lesi, wala ngozi. Bega la koti ni kufumua mkono, bitana na pamba ya ndani, unaweza kumaliza siku nzima pale na ahadi ya jioni ikafa siku ya kwanza.

Wakati anachukua nguo yake mambo mawili yanatokea, na msaidizi ayajue kwa moyo. Mteja aivae palepale kwenye kioo, asiondoke nayo kwenye mfuko tu. Kisha aulizwe kama anapenda apimwe vipimo kamili viwekwe kwenye daftari, bila malipo, ili siku akiwa na kitambaa alete tu. Kupima ni dakika 5. Mtu ambaye vipimo vyake viko kwako ana sababu ya kurudi kwako na hana sababu ya kuanza upya kwa mwingine. Ila usimlazimishe, na mahali pa kupimia pawe na pazia.

Makadirio ya mwezi wa kwanza: kazi ndogo kama 60, zinatoka kwa watu kama 40, na mmoja kati ya watano anarudi na kitambaa, hao ni 8, yaani magauni 2 kwa wiki. Ni kidogo, ndio, na inatakiwa iwe kidogo. Mwezi wa pili lenga 4 kwa wiki, wa tatu 6.

Ukiona kazi ndogo zinajaa lakini vitambaa haviji, shida mara nyingi iko dukani kwako mwenyewe: hakuna nguo ya kuonyesha kwamba unashona. Wamekuona fundi wa viraka. Lile gauni lako bora livae mdoli, likae mbele, na libadilishwe kila wiki mbili.

## Hatua ya 4: Andika ahadi kwa sentensi moja

Fupi tu. Chukua tatizo la hatua ya 2 na pengo ulilolikuta, uunganishe. Mfano wetu: "Magauni ya ofisi yanayokukaa kiunoni, tarehe tunayoandika ndiyo unayochukua."

Sentensi hiyo ndiyo inaenda kwenye bango, kwenye kadi na kwenye maelezo ya WhatsApp, bila kubadilishwa. Maneno kama "ubora", "kisasa" na "bei poa" yafute, kila fundi wa mtaa ule ameyaandika kwa hiyo hayamwambii mtu chochote. Isomee watu watano usiofahamiana nao, waulize unashona nini na una tofauti gani. Wakijibu bila kuuliza tena, imekaa.

Na kama ahadi ni tarehe, basi risiti iwe na tarehe iliyoandikwa kwa peni, nakala moja kwake moja kwako.

## Hatua ya 5: Njia tatu tu za kuleta watu

Ukijaza njia nane hutafanya hata moja vizuri. Tatu zinatosha kwa wiki 12.

Njia ya kwanza: wauza vitambaa. Hii ndiyo kubwa na watu wanaiacha wanakimbilia mitandao. Mtu wa kushonesha anaanza kwa muuza kitambaa, na pale ndipo anapouliza "unamjua fundi mzuri?" Ukiwa wewe ndio jibu la swali hilo kwenye maduka matatu, sanduku lako la oda limejaa.

Usiende kumwomba akutaje tu, na usianze na kamisheni, kwa sababu atamtaja anayetoa zaidi. Mpelekee kitu kinachomuuzia. Mwambie akupe kitambaa cha rola inayokwenda polepole, wewe unatoa kazi, unashona gauni moja la kuonyesha na linatundikwa dukani kwake. Kwenye gauni funga kadi ndogo: jina la duka lako, simu, na mstari unaosema limetumia mita ngapi. Kwa mfano kitambaa cha upana wa sentimita 150, gauni la magotini lenye mkono mfupi kwa mwili wa kati linatosha na mita 2 hivi. Huo mstari wa mita ndio unaofanya kazi, kwa sababu mnunuzi anasita pale asipojua anunue kiasi gani, na muuzaji akiweza kumjibu palepale anauza. Atakutaja kwa faida yake mwenyewe.

Magauni matatu ya kuonyesha ni masaa 12 ya fundi. Yashone kwenye zile wiki mbili za mwanzo ambazo oda bado chache, mashine zipo tu.

Njia ya pili: mlango wako. Bango lisomeke na mtu anayetembea upande wa pili wa barabara. Jina la duka, ile ahadi, "leta asubuhi chukua jioni", na simu. Basi, usijaze picha kumi za wanamitindo. Ukisimama ng'ambo ukashindwa kusoma namba ya simu, fundi bango arudie.

Njia ya tatu: simu. Weka WhatsApp Business yenye namba ya duka jipya peke yake, usichanganye na ya duka la zamani, utapotea kwenye meseji. Weka duka kwenye Google Maps pia, haulipii, ila watahitaji uthibitishe kwamba duka ni lako na hilo linaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo anza kabla ya kufungua. Kwenye stetasi posti kitu kimoja kwa siku: nguo iliyoisha, imevaliwa na mwenyewe, kwa ruhusa yake, na tarehe aliyoleta na aliyochukua. Stetasi inaondoka baada ya masaa 24, kwa hiyo picha nzuri zihifadhi kwenye katalogi.

Picha za kudownload za nguo za watu wengine usiweke kabisa. Mteja ataleta picha hiyohiyo na kusema nataka hivi.

Vipeperushi? Mimi nimeviacha kwa makusudi. Mtu anaweza kupewa leo na akahitaji fundi baada ya miezi miwili, karatasi ilishatupwa.

## Hatua ya 6: Bajeti, ihesabu kwa magauni

Ukihesabu kwa hela utajidanganya, ukihesabu kwa magauni unaona jasho. Kipimo chako ni faida ya gauni moja, yaani bei ya kushona ukitoa vifaa na ujira wa fundi.

Mfano wetu: kodi, umeme, mshahara wa msaidizi na usafiri wako wa kwenda na kurudi kwa mwezi ni sawa na faida ya magauni 14. Kumbe duka linahitaji magauni 3 na nusu kwa wiki ili lisimame lenyewe, na dari ni 7. Kuna nafasi. Kama hesabu yako inaonyesha unahitaji 8 na dari ni 7, usifungue hapo, tafuta chumba cha kodi ndogo au panga bei upya, hakuna tangazo litakalokutoa.

Masoko ya miezi 3 yote tunatenga magauni 12: bango 4, bitana, zipu na ujira wa yale magauni matatu ya kuonyesha 3, lebo za kushona ndani ya nguo pamoja na kadi 2, na 3 yanabaki hayaguswi mpaka ujue njia ipi inaleta watu.

Angalia mwezi wa kwanza sasa. Unaingiza magauni 8, unatoa 14 ya gharama na 9 ya masoko, umepungukiwa 15. Hela ya marekebisho itapunguza kidogo lakini usiitegemee. Hayo 15 lazima yawe pembeni kabla ya kufungua, na yasitoke kwenye advansi za wateja wa duka la zamani, maana advansi ni vitambaa na vifungo vya watu ambavyo bado hujanunua. Maduka mawili huwa yanakufa kwa pamoja kupitia tundu hilo.

## Ukurasa wenyewe ukishajazwa

1. Uwezo: gauni 7 kwa wiki, marekebisho 16. Siku za kuahidi = foleni gawa kwa 7, ongeza siku 2.

2. Mteja: wanawake wa ofisini ambao nguo za dukani haziwakai kiunoni. Pengo la mji: tarehe.

3. Kuingilia: marekebisho, leta asubuhi chukua jioni, bei ya kawaida. Kila anayechukua anaivaa kwenye kioo na anaulizwa vipimo.

4. Ahadi: magauni ya ofisi yanayokukaa kiunoni, tarehe tunayoandika ndiyo unayochukua.

5. Njia: wauza vitambaa watatu, bango, WhatsApp na Google Maps.

6. Hela na malengo: masoko = magauni 12 kwa miezi 3, akiba ya kuanzia = magauni 15. Malengo kwa wiki: 2, kisha 4, kisha 6. Kusimama: 3 na nusu.

Kama haujaenea upande mmoja wa karatasi kwa mwandiko wa kawaida, umeandika maelezo badala ya maamuzi. Punguza. Utundike ukutani nyuma ya meza ya kukatia, duka jipya, sio kwenye simu yako wewe uliye mji mwingine.

## Hatua ya 7: Kusoma duka kila Jumamosi jioni

Msaidizi anachora mistari mitano kwenye daftari na kuijaza kila siku: walioulizia, oda zilizoachwa, zilizotoka kwa tarehe, zilizorudi kurekebishwa, na jibu la swali "umetujuaje?" Swali hilo aulizwe kila mtu, kabla ya vipimo, na jibu liandikwe kama alivyolisema.

Baada ya wiki 4 namba zitakuonyesha pa kushika, ila usizisome zote kwa mpigo, anza na tarehe. Kama katika nguo 10 zinachelewa 2 au zaidi, simamisha stetasi, usiongeze muuza kitambaa mwingine, rekebisha kwanza ratiba ya kukata, hata kama mauzo yanapanda. Kama tarehe ziko sawa lakini nguo zinarudi, kaa na fundi uangalie zinarudi kwa kosa gani. Zikirudi zote mahali pamoja, mathalani kwapa au kiuno, ni upimaji. Zikirudi kila moja na lake, fundi anaharakishwa.

Hayo yakiwa safi ndio uangalie watu. Wanaoulizia ni wachache: njia zako hazifanyi kazi, tazama safu ya "umetujuaje", lile duka la vitambaa ambalo halijaleta mtu kwa wiki 4 chukua gauni lako pale upeleke kwingine. Wanaulizia wengi lakini hawaachi kitambaa, chini ya mmoja kati ya watatu: wanaogopa au bei inawashtua, na utajua ni ipi kwa kumuuliza anayeondoka, kwa upole tu, "dada kuna kitu hakijakaa sawa?" Watu wanasema ukiwauliza vizuri.

Wiki ya 8 ndio unagusa yale magauni 3 ya akiba ya masoko, na yanaenda yote kwenye njia moja iliyoleta watu wengi wanaoacha oda. Usigawe.

Wiki ya 12, angalia wastani wa wiki nne za mwisho. Ukiwa juu ya 3 na nusu na tarehe zinatimia, futa sanduku la kwanza uandike uwezo mpya, na ukikaribia dari ndio wakati wa kufikiria fundi wa pili. Ukiwa kati ya 2 na 3 na nusu, na namba zinapanda kila wiki, jipe wiki 8 nyingine kwa mpango huohuo, ukibadilisha sanduku moja tu, ili ujue kilichosaidia ni kipi. Ukiwa chini ya 2 na kazi ndogo nazo haziji, tatizo liko sanduku la 2, mteja uliyemchagua hayupo mji ule kwa wingi uliodhani. Rudi ukasimame tena barabarani saa ya kutoka kazini, na daftari mkononi, kabla hujalipa kodi ya miezi mingine.